Neno la mwisho ndilo lenye cheo: Jinsi ya kusoma ngazi katika matangazo ya kazi

Wiki mbili zilizopita, binti mmoja niliyemfundisha shahada ya kwanza alinijia ofisini akiwa na karatasi tatu mkononi. Zilikuwa matangazo ya kazi aliyoyachapisha kutoka mtandaoni. Kampuni ya usafirishaji aliyokuwa akiifanyia kazi kwa miaka mitano ilipunguza wafanyakazi, naye amekaa nyumbani tangu mwaka jana.

“Profesa,” aliniambia, “nimetuma maombi mpaka nimechoka. Hata jibu la kukataliwa siletewi.”

Nilimwomba anieleze alivyoyachagua matangazo hayo. Maelezo yake yalikuwa ya kimantiki kabisa, na yalikuwa na makosa kabisa. Tangazo la kwanza lilikuwa la shirika moja la serikali lililotafuta “Assistant Director”. Alituma ombi kwa sababu, kwa maneno yake, “hiyo ni ya msaidizi tu, haiwezi kunishinda.” La pili lilikuwa la kampuni ya matangazo ya biashara lililotafuta “Account Executive”. Hilo aliliruka: “Eksekyutivu ni ya wazito, Prof. Hiyo si saizi yangu.” La tatu lilitafuta “Logistics Officer”. Hilo aliliombea, akapuuzwa.

Tatizo la binti huyu si uvivu wala ukosefu wa elimu. Ni tatizo la lugha, na ndiyo maana nalileta katika safu hii. Maneno kama asistanti, ofisa, eksekyutivu na asosieti yanaonekana kama ngazi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kwamba ukilijua neno umejua kimo cha kazi. Sivyo. Kimo cha neno hutegemea mahali lilipokaa ndani ya jina la cheo, kisha hutegemea sekta inayolitumia.

Tuanze na mahali pa neno. Katika Kiswahili, nomino kiini hutangulia na sifa hufuata. Tunasema mkurugenzi msaidizi, na msikilizaji anajua tangu silabi za kwanza kwamba anayezungumziwa ni mkurugenzi. Tukisema msaidizi wa mkurugenzi, tunajua vilevile kwamba huyo si mkurugenzi bali ni mtu anayemsaidia. Kiingereza hufanya kinyume. Kiini huja mwisho, na yanayotangulia yote ni mapambo yake. Kwa hiyo Mswahili anayesoma jina la cheo kwa Kiingereza hulishika neno la kwanza, kama alivyozoea katika lugha yake, akadhani ndilo linalobeba uzito. Binti yetu alisoma “Assistant Director” akaona msaidizi. Alipaswa kuona mkurugenzi.

Tazama tofauti hiyo inavyofanya kazi. Neno asistanti likija mwisho, kwa mfano katika “Accounts Assistant”, ndilo kiini. Kazi hiyo ni ya usaidizi: mwenye stashahada au cheti, anayeingiza takwimu, anayepanga stakabadhi, anayefuata utaratibu uliowekwa na mwingine. Likija mwanzo, linakuwa sifa tu, na maana yake ni “ngazi moja au zaidi chini ya”. Mkurugenzi msaidizi katika utumishi wa umma wa Kenya si mtu wa kubeba faili. Katika mpangilio wa makundi ya kazi uliozoeleka kwa herufi, cheo hicho kimekuwa katika kundi P. Mtumishi hukifikia baada ya kupitia ngazi za afisa, afisa mwandamizi, afisa mkuu na kadhalika, na matangazo yake aghalabu hutaka mtu aliyekwisha kutumikia ngazi iliyo chini yake kwa miaka mitatu hivi. Binti mwenye miaka mitano katika kampuni ya malori hakuwa akiomba kazi ya kumsaidia bosi. Alikuwa akiomba kuwa bosi.

Sisi wa vyuo vikuu tunaijua tofauti hii kwa sababu tumeiishi. Huko Marekani, “Assistant Professor” ni mwalimu kamili mwenye uzamifu, anayefundisha kozi zake mwenyewe na kusimamia watafiti. Hamsaidii profesa yeyote. Lakini “Teaching Assistant” ni mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anayesahihisha kazi za wanafunzi wa chini yake. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni kiti lilichokalia.

Sasa tuje kwa eksekyutivu, neno lililomtia hofu. Hapa pia tazama kiti. Likitangulia, hupandisha: “Executive Director” ni mkurugenzi mtendaji, mtu wa mwisho kutia sahihi katika shirika lisilo la serikali. Likija mwisho, hasa katika mauzo, huduma kwa wateja na matangazo ya biashara, hushuka hadi chini kabisa. “Sales Executive” ni muuzaji anayezunguka mjini akitafuta wateja na kulipwa sehemu ya mshahara kwa kamisheni. “Account Executive” ni kijana anayewahudumia wateja wa kampuni ya matangazo, anayepokea maagizo yao na kuyafikisha kwa wabunifu. Sababu ya majina hayo kuvikwa kilemba ni rahisi: mteja hapendi kuzungumza na karani. Anapenda kuambiwa kwamba anahudumiwa na mtendaji. Kilemba hicho ni cha mteja, si cha mfanyakazi.

Kiswahili chetu nacho kina mtego wa aina hiyo. Afisa mtendaji mkuu ni kinara wa kampuni nzima. Lakini ukivuka mpaka ukaingia Tanzania, afisa mtendaji wa kata ni mtumishi wa serikali katika ngazi ya kata. Mtendaji na mtendaji, lakini mmoja anaongoza benki na mwingine anashughulikia mambo ya kata.

Neno ofisa, au afisa kama tunavyosema zaidi hapa Kenya, lina tabia tofauti. Karibu daima hukaa mwisho, kwa hiyo ndilo kiini. Likiwa peke yake na jina la idara tu, humaanisha mtaalamu mwenye shahada anayemiliki kipande cha kazi: ana faili zake, ripoti zake, na mtu wa kumuuliza zikichelewa. Uzito wake wa ziada hutoka kwa maneno yaliyo mbele yake, kama vile mwandamizi au mkuu. Katika utumishi wa umma utaona pia nambari za Kirumi baada yake, na hapa wengi huanguka. Kwetu, nambari ndogo ndiyo kubwa: Afisa I yuko juu ya Afisa II, kama mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kwanza alivyo juu ya wa pili. Katika kampuni nyingi za Marekani, hasa za teknolojia, mambo yamegeuka: mhandisi wa II amepanda kutoka I. Ukiomba kazi ya mbali kwa kampuni ya huko ukitumia hesabu ya Nairobi, utajishusha au utajipandisha bila kujua.

Asosieti ndilo gumu kuliko yote, nami nakiri kwamba hata Kiswahili hatujalipatia tafsiri moja inayotosha. Likitangulia, kazi yake ni nyepesi kueleza: hushusha kwa nusu ngazi. Profesa mshiriki yuko hatua moja chini ya profesa kamili. Likija mwisho, sekta ndiyo huamua. Katika kampuni za mawakili, asosieti ni wakili kamili aliyekwisha kuapishwa, ambaye ameajiriwa lakini bado hajawa mbia. Katika benki za uwekezaji yuko juu ya mchanganuzi anayeanza kazi. Katika duka kubwa la nguo, asosieti wa mauzo ni yule anayekukunjia shati.

Mfano mzuri kuliko yote uko pale Gigiri, katika ofisi za Umoja wa Mataifa, ambako Wakenya wengi hutuma maombi. Humo utakutana na “Programme Associate” na “Associate Programme Officer”. Mtu wa haraka atadhani ni kazi ile ile iliyoandikwa kwa namna mbili. Lakini tumia kanuni yetu. La kwanza kiini chake ni asosieti, na liko katika kundi la huduma za jumla, lile la herufi G, aghalabu G-6 au G-7. La pili kiini chake ni ofisa, na asosieti limekuja mbele kumpunguza kidogo. Liko katika kundi la wataalamu wa kimataifa, ngazi ya P-2.

Tofauti ya makundi haya hubadilisha kila kitu katika wasifukazi. Katika kundi la G, sharti la elimu kwa kawaida ni cheti cha sekondari, lakini tajriba inayotakiwa ni ndefu: kwa G-6 ni miaka 7 hivi ya kazi za utawala, fedha au uratibu. Kwa P-2, elimu inayotakiwa kwa kawaida ni shahada ya uzamili, lakini tajriba ni miaka 2 tu. Kijana mwenye uzamili na miaka miwili ya kazi akiomba G-6 kwa kudhani ni ndogo, ataondolewa kwa kukosa miaka. Mama aliyefanya kazi ya uratibu kwa miaka kumi bila shahada akiomba P-2 kwa kudhani majina yanafanana, ataondolewa kwa kukosa elimu. Wote wawili watasema pale Gigiri kuna upendeleo, kumbe kila mmoja aligonga mlango wa mwenzake.

Nimeketi katika kamati za uteuzi mara nyingi, na ningependa msomaji ajue kinachotendeka humo. Kabla ya kamati kukutana, karani huandaa jedwali lenye safu chache: elimu, miaka ya tajriba inayohusika, cheo cha sasa, na masharti mengine ya tangazo. Kila ombi hupewa mstari mmoja. Anayejaza jedwali hilo hatafuti kipaji chako. Anatafuta kitu cha kuandika katika kisanduku. Asipokiona, anaweka alama ya mkato na kwenda kwa ombi linalofuata. Aliye chini ya ngazi huondoka hapo. Aliye juu mno huondoka pia, kwa kuwa wajumbe husema, “Huyu atakaa miezi mitatu atoroke.”

Basi ukilishika tangazo, anza na neno la mwisho la cheo, kisha lipime kwa maswali manne. Nani anaripoti kwako? Wewe unaripoti kwa nani? Wanataka miaka mingapi, na miaka hiyo iwe ya kazi gani? Na pesa au sahihi gani zitakuwa mikononi mwako? Majibu hayo hupatikana ndani ya tangazo lenyewe, katika sehemu ya majukumu na ya masharti. Yakipingana na jina la cheo, amini majibu, usiamini jina. Mtendaji asiye na mtu chini yake, anayeripoti kwa kiongozi wa kikundi na anayetakiwa kuwa na mwaka mmoja wa tajriba, ni mfanyakazi wa kuanzia, hata akiitwa rais wa mauzo. Na ofisa katika shirika la watu watano anaweza kuwa ndiye mhasibu, mnunuzi na mwandishi wa ripoti kwa wafadhili. Huyo hutakiwa aonyeshe upana wa kazi, ambao ofisa wa wizara haulizwi.

Nilirudi kwa karatasi za binti yule, tukazisoma pamoja. La mkurugenzi msaidizi tuliliweka kando bila mjadala. Lilitaka miaka kumi, mitatu ikiwa katika ngazi ya usimamizi wa juu. La eksekyutivu, alilolikimbia, lilitaka shahada na miaka miwili ya kuhudumia wateja, na halikuwa na mtu wa kusimamia. Aliliweza akiwa amefumba macho, ila siku ya mwisho ilikuwa imepita. Alibaki akilitazama tu lile tangazo. “Kwa hivyo hii ilikuwa yangu,” alisema. Sikuwa na la kumjibu.

Tukafika kwa la ofisa wa usafirishaji, ambalo lilikuwa limerudiwa kutangazwa. Lilitaka shahada, miaka mitatu, na uwezo wa kusimamia timu ndogo. Yote alikuwa nayo. Kwa nini basi alipuuzwa? Nilimwomba anionyeshe sivii yake. Juu ya miaka yake mitano pameandikwa asistanti wa operesheni, kwa kuwa ndicho cheo kilichokuwa katika mkataba wake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: kwamba alisaidia idara katika shughuli zote za usafirishaji.

“Ulisaidia nini hasa?” nilimuuliza.

“Nilikuwa napanga malori, Prof.”

“Mangapi?”

“Thelathini hivi kwa wiki. Mombasa, Nairobi, mengine Malaba.”

“Na nani alikuwa chini yako?”

“Makarani wanne. Lakini cheo hakikubadilika. Bosi alisema bajeti hakuna.”

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Karani wa jedwali alisoma asistanti mwishoni mwa cheo, akasoma kitenzi saidia chini yake, akajaza kisanduku cha usimamizi kwa alama ya mkato. Hakumwonea. Aliandika alichoandikiwa.

Vitenzi vina ngazi kama vyeo vilivyo na ngazi. Saidia, ingiza, andaa na fuatilia ni vitenzi vya asistanti, na katika ombi la uasistanti vinafaa mno, mradi uvipe kiasi: stakabadhi ngapi kwa siku, kwa mfumo gani, kwa usahihi upi. Shughulikia, chambua, andika ripoti na ratibu ni vya ofisa: vinaonyesha kwamba kazi ilikuwa yako. Simamia, idhinisha, tengea bajeti na tunga sera ni vya mkurugenzi. Anayeomba uofisa kwa vitenzi vya asistanti huonekana mdogo. Anayeomba uasistanti kwa vitenzi vya mkurugenzi huonekana mwongo au mtu wa kupita.

Binti aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kujiandika ofisa, maadamu kazi aliyoifanya ilikuwa ya ofisa. Nilimwambia hapana. Cheo ni neno la mwajiri, na mwajiri mpya atapiga simu kuuliza. Jibu likitofautiana na karatasi, hata ukweli mwingine wote uliouandika utatiliwa shaka. Kitu kinachoruhusiwa ni kukiacha cheo kama kilivyo, kisha kukifasiri kwa majukumu, kama tunavyofasiri neno la kale pambizoni mwa shairi bila kuligusa shairi lenyewe.

Kwa hiyo cheo cha asistanti kilibaki. Chini yake tuliandika mistari mitatu tu. Wa kwanza ulisema kwamba tangu mwaka wa pili aliwasimamia makarani wanne, akiwapangia zamu na kukagua kazi yao. Wa pili ulisema kwamba aliratibu safari za malori 30 hivi kwa wiki kati ya Mombasa, Nairobi na Malaba. Wa tatu ulisema kwamba aliandika ripoti ya kila wiki ya ucheleweshaji na kuiwasilisha kwa meneja wa operesheni. Nilimuuliza kama meneja wake wa zamani angekiri hayo akipigiwa simu. Alimpigia pale pale, mbele yangu. Yule bwana alikiri yote, na akaongeza lile la kwamba bajeti haikuwepo.

Kuna mpaka wa haya yote. Kusoma cheo vizuri hakuzalishi nafasi za kazi, na nafasi zenyewe ni chache kuliko wanaozitafuta. Tena kuna matangazo yaliyoandikwa ovyo, ambapo hata mwajiri hajui anataka ngazi gani. Utayatambua kwa kutaka miaka minane ya tajriba kwa mshahara wa mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani. Hayo hata profesa wa isimu hawezi kuyafasiri.

Juzi jioni nilipata ujumbe wake kwenye simu. Ameitwa kwa usaili Jumanne ijayo. Ameniambia ametafuta ratiba za zamu alizowapangia wale makarani wanne, na anazibeba, kwani ana hakika swali la kwanza litakuwa: asistanti alisimamiaje watu? Ni swali zuri, na safari hii angalau lipo mtu wa kuliuliza.